Pemba Ipi?

Nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie mmoja karibu na soko kuu la Mtwara mjini, nakunywa chai ya rangi kwa chapati, akaja kukaa mbele yangu mwanamume wa makamo mwenye mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba za katani. Kiswahili chake kilikuwa chetu hichihichi. Nikamuuliza alikotokea.

"Pemba."

"Wacha wee! Safari ndefu hiyo, kaka. Karafuu vipi mwaka huu?"

Akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akapaliwa. "Dada, karafuu sisi tunaziona dukani tu. Pemba yangu iko huku chini, Kabo Delgado. Ukivuka Ruvuma pale Kilambo unashika njia ya Palma, kisha Mosimboa, unateremka tu na pwani."

Mama ntilie akadakia kutoka jikoni, "Na mimi nilishasema moyoni, huyu ataniulizia urojo nitautoa wapi!"

Yule kaka akaongeza neno ambalo ndilo lililonirudisha nyumbani nikiwa na mawazo. Alisema marehemu babu yake hakuwahi hata siku moja kuuita mji ule Pemba. Aliuita Porto Amélia, akafa akiuita hivyo, ingawa hakuwapenda Wareno hata kidogo.

Amélia alikuwa malkia wa Ureno, mke wa mfalme Carlos wa Kwanza. Sidhani kama aliwahi kuiona ghuba ile. Ndivyo ilivyokuwa ng'ambo yetu yote: miji ilibandikwa majina ya malkia, magavana na wafanyabiashara wa Kireno. Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975, kazi ya kuyabandua ikaanza bila kuchelewa. Porto Amélia ikawa Pemba. Vila Cabral, iliyobeba jina la gavana, ikawa Lichinga. Mji mkuu wenyewe, Lourenço Marques, ukawa Maputo mwaka 1976.

Lakini nchi yenyewe ikabaki Msumbiji. Walioondoa jina la Amélia kwenye mji hawakugusa jina ambalo Wareno walilitumia kwa zaidi ya miaka 400. Kwa muda iliitwa Jamhuri ya Watu wa Msumbiji, na katiba ya 1990 ikaondoa "ya Watu". Basi.

Jina hilo lilianzia kwenye kisiwa. Kipo hadi leo mbele ya pwani ya Nampula, na ni kidogo mno: urefu wake kama kilomita 3, upana wake kama nusu kilomita. Ukiwa na miguu mizuri unakimaliza kabla jua halijakuwa kali. Vasco da Gama alipofika hapo Machi 1498 alikuta mji wa Waislamu wenye sheikhe, majahazi na biashara iliyounganishwa na Kilwa na miji mingine ya pwani hii. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mkubwa wa mahali pale aliitwa Musa, na jina lake kamili limeandikwa kwa namna nyingi: wengine Musa bin Biki, wengine Musa Mbiki. Mreno akalisikia kwa sikio lake, akaliandika kwa kalamu yake, likatoka Moçambique. (Na sisi tulimlipa vilevile. Alikuwa akiutaja kila mara ufalme wake, kwa lugha yake "reino", basi tukamwita Mreno na nchi yake Ureno. Kila mmoja alimbatiza mwenzake kwa neno alilolisikia nusunusu.)

Wamakua wenyeji wa upande ule wana jina lao la kisiwa hicho, Muhipiti, ila halikuingia kwenye ramani. Wareno walikaa kisiwani kuanzia 1507, wakajenga ngome, wakakifanya makao makuu yao mpaka 1898 walipohamia kusini. Katika muda wote huo jina lilikuwa linatambaa kama mafuta kwenye karatasi. Kwanza kisiwa, halafu bandari, halafu pwani iliyotawaliwa kutoka hapo, halafu koloni zima lenye watu ambao hawajui kisiwa hicho kiko upande gani.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi ushahidi wa jambo hili, nalo tunalitamka kila siku bila kulitazama. Nchi za watu sisi tunazipa U: Ureno, Uingereza, Ufaransa, Uhabeshi. Hata Uganda ni kazi ya midomo ya pwani. Wenyewe wana Buganda, wafanyabiashara wa Kiswahili wakaisema kwa U yao kama wanavyosema Uzaramo na Unyanyembe, na Mwingereza akalichukua jina kwa sura hiyo ya Kiswahili na kuifunika nayo nchi nzima, pamoja na watu wa Bunyoro na Acholi ambao si Waganda. Lakini Msumbiji haina U. Imekaa mdomoni kama Mtwara, kama Msimbati, kama Mchinga na Mikindani. Imekaa kama jina la mahali pa kushushia tanga, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kwa nini hawakulibadilisha? Kwanza, chama kilichopigania uhuru kilikuwa kimekwisha kulivaa. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na jina la Msumbiji limo ndani ya jina la chama. Vita vilianza Septemba 1964, na watu walikufa wakiwa na neno hilo midomoni. Huwezi kumwambia aliyezika ndugu zake kwa ajili ya Msumbiji kwamba kuanzia Jumatatu nchi inaitwa kitu kingine.

Sababu ya pili naiona ni nzito zaidi. Jina lile halikuwa mali ya mtu yeyote mkubwa. Si la Wamakua, si la Wamakonde, si la Wasena wala Wachangana. Ni la kisiwa ambacho unaweza kukizunguka asubuhi. Hakuna kabila linaloweza kusema nchi imeitwa kwa heshima yetu, na hakuna linaloweza kununa kwamba imeitwa kwa heshima ya jirani.

Ukitaka kuona kinyume chake, tazama Dahomey ya Afrika Magharibi. Jina lile lilikuwa la ufalme wa Wafon, wenye makao Abomey, upande wa kusini. Wafaransa waliushinda ufalme huo mwishoni mwa karne ya 19, kisha wakaliburuta jina lake hadi kaskazini, kwenye watu ambao hawakuwahi kuwa raia wa wafalme wale, na ambao baadhi ya mababu zao walikuwa wakivamiwa na majeshi yao kutafuta watumwa. Uhuru ukaja mwaka 1960 na jina likabaki. Kwa Mfon lilikuwa fahari. Kwa mtu wa kaskazini ilikuwa kama kuandikiwa kwenye kitambulisho jina la baba wa jirani. Tarehe 30 Novemba 1975 Mathieu Kérékou, mwanajeshi aliyezaliwa kaskazini, akatangaza jina jipya: Benin. Alilitoa kwenye ghuba ya Benin, maji yanayopiga pwani ya nchi hiyo, maji ambayo si ya kabila lolote. Kichekesho ni kwamba ghuba yenyewe ilipata jina kutoka ufalme wa kale wa Benin, na ufalme huo uko Nigeria. Kwa hiyo waliondoa jina la ufalme wa ndani wakachukua la ufalme wa nje, na watu wakaridhika kwa sababu huyo wa nje hakuwa na ugomvi na mtu yeyote ndani ya nyumba.

Ghana ilifanya karibu jambo hilohilo mapema zaidi. Koloni la Pwani ya Dhahabu lilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957 lilijitwalia jina la dola ya kale ambayo ardhi yake ilikuwa mbali kaskazini-magharibi, huko ambako leo ni Mali na Mauritania. Ukubwa wa jina ulitakiwa, umbali ukasamehewa.

Nilipokwenda Newala kumsalimia bibi nilimsimulia habari ya Pemba mbili, naye akaniambia nimletee sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Bibi hatupi karatasi. Mle ndani mna stakabadhi ya kodi ya babu ambayo wino wake umekuwa rangi ya chai, na juu yake, kwa Kiingereza, jina la utawala wa Tanganyika. Mna kadi ya TANU. Na mna bahasha moja aliyoandikiwa na kaka yake aliyekuwa manamba kwenye mkonge Tanga. Nilimsogelea bibi dirishani tukaitazama stempu. Ni ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na imejaa maneno kuliko picha, kwa sababu imebeba majina manne: Uganda, Kenya, Tanganyika, Zanzibar.

"Hiyo ndiyo miezi tuliyokuwa hatujui tunaitwaje, mjukuu wangu," bibi akasema.

Hakukosea sana. Lakini inabidi nianze nyuma kidogo, kwa sababu Tanganyika nayo haikuwa jina la nchi hata kidogo mpaka 1920.

Wajerumani hawakujisumbua na jina. Waliita Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani waliandika jina la mwenye mali tu. Waliposhindwa vitani, jina hilo halikuweza kuendelea, na eneo lenyewe halikuwa lilelile: Rwanda na Burundi zilikwenda kwa Wabelgiji, na kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, Kionga, kilikwenda kwa Wareno. Maofisa wa Wizara ya Makoloni ya Uingereza wakakaa kutafuta jina la kilichobaki. Yaliyopendekezwa yanachekesha. Kulikuwa na Smutsland, kwa heshima ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini aliyeongoza vita huku. Kulikuwa na Windsorland, kwa jina la ukoo wa mfalme wao. Kulikuwa na Maryland Mpya, Victoria, na hata Eburnea, neno lenye asili ya Kilatini linalohusu pembe za ndovu. Fikiria bibi yangu akiwa Meburnea.

Waziri wa Makoloni akasema litafutwe jina la kienyeji linalojulikana na kuhusishwa na nchi yenyewe. Yakaja Kilimanjaro na Tabora. Mwisho likashinda la ziwa, Tanganyika. Hata kiambatisho chake kilibadilishwa. Kwanza waliandika kwamba ni nchi iliyo chini ya himaya, kisha wakasahihisha wakaandika eneo, kwa kuwa nchi ilikuwa dhamana ya kimataifa na si mali yao. Mwaka huohuo, 1920, jirani yetu wa kaskazini naye aligeuzwa kutoka himaya na kuwa koloni, akapewa jina la mlima, Kenya.

Ziwa lenyewe, Burton na Speke walilifikia Februari 1858 kupitia Ujiji, na Burton aliandika kwamba jina linatokana na kukutana, kuchanganyika kwa maji. Wengi wetu shuleni tulielezwa ni tanga na nyika. Mimi namwamini Burton kidogo zaidi, kwa sababu tanga na nyika ni maelezo matamu mno, ya mtu aliyelikata neno katikati akafurahi kukuta kila kipande kina maana. Vyovyote iwavyo, kutoka hapa Mtwara mpaka ziwa hilo ni zaidi ya kilomita 1,000. Sisi wa Kusini tumeitwa kwa jina la maji ambayo wengi wetu hatujawahi kunawa, kama vile Mmakonde wa Mueda alivyoitwa kwa jina la kisiwa cha Wamakua. Ndiyo maana halikumkera mtu. TANU ililibeba tangu 1954, uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ukaja nalo, na mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri ya Tanganyika.

Kilicholiondoa si chuki. Ni ndoa. Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, zikaridhiwa, na kuanzia tarehe 26 Aprili nchi ikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina lile lilikuwa na kasoro mbili. Moja ni urefu, na stempu ya bibi ni shahidi. Ya pili ni lile neno "na". Jina lenye "na" katikati linakumbusha kila siku kwamba hawa walikuwa wawili, na kila mtu anaona mshono. Zimbabwe ilionja hilo mwaka 1979, ilipoitwa Zimbabwe Rhodesia kwa miezi kadhaa. Mji wa kale na jina la Cecil Rhodes viliwekwa pamoja kama viatu vya jozi tofauti, na halikumridhisha mzungu wala mwafrika.

Basi kukatangazwa shindano la kutafuta jina. Mohamed Iqbal Dar, aliyekuwa kijana mwanafunzi Morogoro, amesimulia mwenyewe mara nyingi alivyofanya. Alichukua herufi tatu za Tanganyika, TAN, na tatu za Zanzibar, ZAN. Akaziunganisha akapata kitu kisichotamkika vizuri, Tanzan. Akaongeza I ya Iqbal, jina lake, na A ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini. Na akaona linafanana na Zambia, Ethiopia, Nigeria na nyingine nyingi zinazoishia hivyo. Alisema alipewa zawadi ya shilingi 200. Wapo wanaoeleza mwisho wa jina kwa njia nyingine, kwamba "-ania" inaitikia Azania, jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani hii. Kwangu mimi hesabu ya mwanafunzi inatosha. Ukizipanga TAN na ZAN mezani huna njia nyingi za kuzimaliza.

Tarehe 29 Oktoba 1964 jina likatangazwa. Siku tano kabla, tarehe 24, Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa imekuwa Zambia, jina la mto Zambezi, siku ileile Olimpiki ya Tokyo ilipofungwa. Wanariadha wake waliingia michezoni wakiwa na nchi moja wakatoka na nyingine.

Kutangaza nyumbani hakutoshi. Ni lazima dunia iandikiwe. Kumbukumbu za Umoja wa Mataifa zinasema Tanganyika iliingia uanachama Desemba 1961, Zanzibar Desemba 1963, kisha zikaendelea kama mwanachama mmoja, na jina la Tanzania linahesabiwa kuanzia tarehe 1 Novemba 1964. Siku chache zile za tofauti ni mwendo wa barua tu. Siku hizi kuna na kazi nyingine, ya herufi mbili zinazowakilisha nchi kwenye orodha ya kimataifa, ambazo pia ndizo mwisho wa anwani za tovuti. Zaire, iliyokuwa ZR, ilipogeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997 ilipewa CD. Volta ya Juu ilikuwa HV, ikawa BF ilipojiita Burkina Faso mwaka 1984. Lakini Mfalme Mswati wa Tatu alipotangaza Aprili 2018 kwamba Swaziland sasa ni Eswatini, herufi SZ ziliachwa zilivyo. Mtu wa Mbabane leo anaandika jina jipya kwenye barua pepe inayoishia na la zamani, `.sz`, na maisha yanaendelea.

Hata hapa kwetu jina la zamani halikuondoka siku moja. Kadi ya bibi ya TANU ina Tanganyika ndani yake, na chama kiliendelea kuitwa hivyo mpaka kilipoungana na ASP kuwa CCM, Februari 1977. Kwa zaidi ya miaka 12 Tanzania iliongozwa upande wa bara na chama chenye jina la nchi ambayo haikuwapo tena kwenye ramani. Nilimuuliza bibi kama hilo liliwachanganya. Akaniambia kilichowachanganya ni bei ya korosho.

Yule kaka wa Pemba nilikutana naye tena wiki mbili baadaye, palepale kwa mama ntilie, akisubiri gari la Kilambo. Nikamuuliza mama yake ni mtu wa wapi, maana Kimakonde chake kilikuwa na lafudhi ya pwani. Akasema Kionga. Hichohicho kipande nilichokitaja. Mpaka ulikubaliwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886 kwamba ni Ruvuma, lakini Wajerumani wakavuka mwaka 1894 wakakishika, Wareno wakakirudisha kwa bunduki Aprili 1916, na mkutano wa amani baada ya vita ukawaachia. Nikampa daftari langu na kalamu, nikamwomba aniandikie jina la kijiji. Akaandika kwa mwandiko wa shule ya Kireno, pole pole: Quionga. Nikaandika la kwangu chini yake, Kionga.

Akayatazama yote mawili.

"Hili la kwako ndivyo mama anavyotamka," akasema, akiweka kidole kwenye K. "Hili la kwangu ndilo liko kwenye cheti."

Konda akaita abiria wa Kilambo. Akabeba mizigo miwili, mimi nikamsaidia wa tatu.